Fomu ya Mwalimu Gikunda

Kagwiria alikuwa na adabu nyingi kupita kiasi, na mimi nasema hivyo nikijua kwamba huku kwetu Meru hilo huhesabiwa kuwa sifa. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia wageni kabla hawajafika. Alikaa katika ofisi ya kambi ya kitalii pale mjini, karibu na Makutano, na kambi yenyewe ilikuwa mbali chini, ndani ya mbuga. Kila mgeni alipokea barua pepe moja ya Kiingereza, kavu kama ugali wa jana. Ilisema ndege ndogo inapokea kilo kumi na tano kwa mtu, mkoba wa mkononi ukiwemo. Mabegi yawe laini, bila magurudumu wala fremu. Masanduku magumu hayatapakiwa. Nguo nyeusi na za buluu iliyokoza ziachwe nyumbani kwa sababu ya mbung'o. Mifuko ya plastiki hairuhusiwi. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano aje na cheti cha chanjo. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi. Na mwisho kulikuwa na fomu ya afya: unaugua nini, unatumia dawa gani.

Kwa Wazungu hakuwa na shida, aliituma ilivyo. Shida ilianza alipoona jina la Mwalimu Gikunda kwenye orodha ya wiki.

Mwalimu Gikunda alimfundisha darasa la sita kule Nkubu. Sasa alikuwa amestaafu, na yeye na mkewe walikuwa Nairobi kwa binti yao. Mtoto wao wa kiume, Kiunga, aliyeko ng'ambo, alikuwa amewapa zawadi ya kutimiza miaka hamsini ya ndoa: wapande ndege uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi kambini, walale siku tatu, waangalie vifaru. Barabara ingewafikisha vilevile, lakini Mwalimu alitaka kuiona milima ya Nyambene kutoka juu kabla hajafa. Alisema hivyo kwa simu, akacheka.

Sasa utamwandikiaje mtu kama huyo "hayatapakiwa"? Kagwiria aliona haya. Akaiandika barua upya kwa Kiswahili, kwa heshima zote. Masanduku magumu yakawa "tungeshukuru sana kama mngeweza kuja na begi laini, ikiwezekana". Sentensi ya dawa aliona inamchungulia mzee mfukoni, akaifuta. Alipofika kwenye fomu ya afya alisimama kidogo. Alijua Mwalimu ana ugonjwa wa sukari na anajidunga sindano. Mama yake Kagwiria alikuwa kanisa moja nao, na kanisani hakuna ugonjwa usiojulikana. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kumwuliza mzee mwenyewe ni kingine. Mtoto hamuulizi mwalimu wake mambo ya mwili wake. Aliitoa fomu, akatuma barua, akajisikia mtu mwema.

Mwalimu alifika Wilson na sanduku jipya gumu la rangi ya kahawia, lenye magurudumu manne. Alikuwa ameombwa, hakuwa amekatazwa, na alilipenda sana sanduku lile. Kijana wa ndege alimweleza kwa upole kwamba tumbo la ndege ile hupokea mabegi yanayokunjika tu. Akampa begi la kitambaa, ahamishe vitu vya lazima. Sanduku lingefuata kesho yake. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma. Mwalimu hakutaka kuzitoa sindano na dawa yake sandukuni mbele yao. Akatoa nguo za mkewe na Biblia, akafunga.

"Zingine zifuate tu," alisema. Mkewe, Karwirwa, alidhani dawa iko ndani ya koti la mumewe.

Kambini waliimbiwa, wakakatiwa keki. Mwalimu alikula keki kwa sababu ni vibaya kukataa cha wenyeji. Jioni hakujidunga, asubuhi hakujidunga. Kufikia saa sita mchana alikuwa amekunywa maji chupa kwa chupa na kiu haikuisha, ametapika, na akiongea maneno yake yalikuwa yanajiburuta.

Adrian, meneja wa kambi, alipiga simu ofisini.

"Kagwiria, huyu mzee ni mgonjwa vibaya. Anaugua nini? Fomu yake iko wapi? Mama anasema ana dawa, lakini hatuioni."

"Ana sukari," Kagwiria alisema mara moja. "Anatumia insulini. Mpeleke hospitali ya Maua sasa hivi, usingoje ndege."

Hadi hapo alifanya vizuri, na tumpe haki yake. Lakini Adrian aliuliza tena, "Na mbona sina fomu?"

Kagwiria aliangalia kalenda ukutani.

"Hakujaza," alisema.

Simu ikakatika. Neno lenyewe lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimuuma. Mwalimu hakujaza kitu ambacho hakuna aliyempa. Alijaribu kufanya kazi, akashindwa; alijaribu kuomba, akaona hata Mungu anamwuliza fomu iko wapi. Alifunga ofisi akaenda Maua. Njia nzima alijiambia kwamba mzee akifa, yeye ndiye atakuwa amemuua kwa heshima.

Mzee hakufa. Kagwiria alimkuta hospitalini amelala, maji ya chupa yakimwingia mshipani tone kwa tone, macho yamemwingia ndani. Sukari ilikuwa imeanza kushuka. Karwirwa alikuwa ameketi kando amemshika mguu juu ya blanketi. Adrian alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa na nafuu ya mtu aliyeponea chupuchupu, ile inayomfanya mtu atanie.

"Mwalimu, next time ujaze fomu yetu, ama namna gani?" alisema. "Ulitutisha."

Mwalimu alimtazama Adrian, kisha akamtazama Kagwiria, taratibu. Alielewa. Alikuwa amesahihisha kazi za watoto miaka mingi mno asielewe.

"Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisahau. Kosa ni langu."

Kagwiria angeweza kunyamaza, na mambo yangeishia pale.

"Fomu gani?" Karwirwa aliuliza. "Hiyo barua mimi ndiye nilimsomea, mara mbili. Hakukuwa na fomu. Hakukuwa na swali la ugonjwa hata moja."

Adrian aligeuka.

"Wewe ulisoma bila miwani," Mwalimu alimkatiza mkewe. "Ulipita juu juu. Nyamaza, mama Kiunga."

Karwirwa aliondoa mkono wake kwenye mguu wa mumewe, akauweka mapajani, akainamisha kichwa. Mama yule alikuwa amekaa na mzee miaka hamsini, amembeba garini akitapika, na sasa anafanywa mjinga mbele ya watu ili mwanafunzi wa zamani aokoke. Kagwiria aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

"Si suala la miwani, Mwalimu," alisema. "Alisoma vizuri. Hiyo fomu niliitoa mimi. Na sentensi ya begi, na ya dawa, zote nilizibadilisha. Nilikuogopa."

Mwalimu alifumba macho.

Karwirwa hakulia wala hakumshukuru. Aliinua kichwa, akamtazama msichana huyu aliyemjua tangu akibebwa mgongoni.

"Na leo mchana," aliuliza polepole, "huyu alipokuuliza kwa simu, na mzee wangu anakufa, ulimwambia nini?"

Kagwiria alimwambia.