Kiporo cha Takwimu

Mimi kujisifu sioni haya, hasa kwenye jambo hili. Digrii yangu niliipata Iringa kwa miaka mitatu kamili, na ule mwaka wa tatu niliuokoa mwenyewe, kwa kalamu na karatasi.

Kosa lilianza mwaka wa pili. Takwimu iligongana na somo la hiari nililolipenda, yote Jumanne saa mbili asubuhi. Nikafanya wanavyofanya wengi pale: nikasajili yote mawili, Takwimu nikamwachia rafiki anisainie mahudhurio. Mfumo wa usajili haukusema kitu, nikajiona mjanja kweli. Majaribio ya darasani yalipokuja yote yakawekwa saa ileile, na jina langu lisingeweza kukaa vyumba viwili. Takwimu nikafeli, na sapu, ule mtihani wa marudio, nayo ikanishinda. Nikaingia mwaka wa tatu na keri, yaani somo la kurudia.

Sasa keri ile haikuwa ya kuchezea. Takwimu hufundishwa muhula wa kwanza tu. Muhula wa pili kuna Ekonometria, ya lazima, na huruhusiwi kuisajili kama hujafaulu Takwimu. Ukikosa moja, umekosa zote, unarudi mwaka mwingine. Na baba yangu, mkulima wa mpunga Chimala, alishaliambia kanisa zima kwamba binti anamaliza mwaka huu.

Nikafungua rasimu ya ratiba. Takwimu, Jumanne saa mbili. Mbinu za Utafiti, ya lazima, Jumanne saa mbili. Nilicheka kwa hasira. Halafu nikajumlisha krediti: masomo ya muhula yana sitini, ongeza kumi za Takwimu, sabini. Kikomo ni sitini na sita.

Rafiki yangu yule wa mwaka wa pili akaniambia, "Wewe sajili tu, mimi si nipo?"

"Dada, ulikuwepo mwaka jana pia," nikamjibu. Tulicheka, lakini moyoni nilikuwa naumia.

Dirisha la kubadili masomo lilikuwa linafungwa Ijumaa alasiri. Jumatano yote nilisimama kwenye mbao za matangazo za idara ambazo hata hazinihusu, baridi ya Iringa inanipiga, nasoma ratiba za watu. Kwa wanaosomea ualimu wa biashara, kule Idara ya Elimu, nikaiona Mbinu za Utafiti. Msimbo uleule, krediti zilezile, Alhamisi saa nane mchana, saa ambayo sina kipindi. Nilirudia kusoma mara tatu kabla ya kuamini.

Zikabaki krediti. Nikachukua somo langu la hiari la mwaka huu, la krediti kumi, nikaangalia linafundishwa lini tena. Lipo na muhula wa pili. Nikalihamishia huko. Muhula wa kwanza ukawa sitini. Wa pili, wenye hamsini na nne, ukafika sitini na nne. Saa za muhula wa pili nazo nikazipitia, hakuna mgongano. Nikayachora yote kwenye karatasi moja, kila siku na mstari wake.

Mkuu wa Idara ya Elimu alisaini fomu yangu ya kubadili masomo upesi, kwake lilikuwa suala la kiti kimoja tu darasani. Mkuu wa idara yetu ndiye aliyekuwa mgumu. Ijumaa asubuhi aliitazama fomu yangu, akaitazama na ile karatasi, akasema, "Yaani wewe mwenye keri ndiye unayekuja kunipangia ratiba?"

"Shikamoo mwalimu. Sikupangii. Naomba ukague, nikikosea nitaondoka."

Akakagua. Alifungua kompyuta, akapitia msimbo mmoja baada ya mwingine, akajumlisha krediti kwa kidole. Mwisho akavuta kalamu.

"Mahudhurio utasaini mwenyewe?"

Kumbe alikuwa anajua. Nilitamani sakafu ipasuke. "Nitasaini mwenyewe, mwalimu."

Akasaini. Saa tano nilikuwa nimeshaipeleka fomu ofisi ya usajili, na mchana mfumo ulionyesha masomo yangu yote, krediti sitini.

Nilihudhuria kila Jumanne, hata siku nilipokuwa na homa. Matokeo ya muhula yalipotoka nilikuwa nyumbani Chimala kwa likizo. Takwimu: C. Ninazo A kadhaa kwenye cheti changu, na siku hizi nikiwa kazini Mbeya watu huzisifia hizo. Mimi huwa natafuta ile C kwanza.

Nilimpelekea baba simu aone. Akauliza kama C ni nzuri.

"Baba, hii ndiyo inayonimalizisha mwaka huu."

Akaisogeza simu karibu na macho, akaisoma tena. "Basi ni nzuri," akasema, akatoka nje kwenda kumwambia jirani.