Oili ya Tarehe Mosi

Mume wangu, askari mstaafu, alibadilisha oili ya pampu yetu ya dizeli kila tarehe mosi, kama gwaride. Nilimwambia, "Mzee, injini haijui kalenda. Fundi alisema kila saa mia za kazi." Akanijibu nichunge mboga zangu za sukuma wiki.

Msimu wa mvua pampu ililala, naye akamwaga oili safi kama asali. Kiangazi kilipobana bonde la Namuwongo, tulimwagilia shamba kwa muda wa saa kumi kila siku. Siku kumi tu, saa mia zikatimia. Kila asubuhi alijaza dizeli, tena akiichuja kwa kitambaa, huku oili ikigeuka lami.

Tarehe ishirini na nane injini ilikwama kabisa.

Tarehe mosi akaibadilishia oili.