Maziwa Yaliyopunguzwa Kwenye Kompyuta

Miaka ya themanini mwishoni nilikuwa mtumishi wa mradi wa mifugo, ofisi yetu ikiwa Karatu, chumba kimoja chenye jenereta nyuma na kompyuta moja iliyofunikwa kwa kitambaa cha kitanda ili vumbi jekundu lisiingie. Mkuu wangu alitaka mpango wa ng'ombe wa Nainokanoka, kijiji cha wafugaji huko juu milimani: wangapi wakae wapi, mwezi gani. Mimi ndiye niliyekwenda kukusanya takwimu.

Nilikaa Nainokanoka wiki tatu kwa mama mmoja wa Kimaasai aliyeniambia nimwite yeyo, yaani mama. Kila asubuhi nilipima maziwa aliyokamua, na kila asubuhi aliniangalia kana kwamba nahesabu nywele zake.

"Unapima ya nini?"

"Ili mpango ujue watoto wanahitaji kiasi gani, yeyo."

"Basi uandike vizuri," alisema. "Na uandike kwamba kiangazi tunashuka bondeni. Huku juu chemchemi ni mbili tu, na hazitoshi."

Niliandika vyote viwili.

Niliporudi Karatu, mkuu wangu na mimi tuliingiza masharti kwenye programu. Ng'ombe wasizidi maji ya chemchemi. Wasizidi majani. Kila kaya ipate angalau maziwa niliyoyapima. Na sharti moja alilolileta yeye, limetoka kwa wakubwa likiwa limeshapigwa chapa: bonde lifungwe kwa mifugo kiangazi chote. Tulibonyeza, jenereta ikanguruma, kompyuta ikafikiri muda mrefu kisha ikatoa mstari mmoja: hakuna suluhisho linalotimiza masharti yote.

"Umeanza na namba mbovu," akasema mkuu.

Neno lake lilikuwa na ukweli kidogo. Maziwa ya kila ng'ombe yalipungua kadiri walivyobanana malishoni, hesabu ikaacha kwenda kwa mstari ulionyooka, na jibu la hesabu ya namna hiyo programu hulitafuta hatua kwa hatua kuanzia namba unazoipa. Ukiianzishia mbali mno, inaweza kupotea hata kama suluhisho lipo. Nikaanza na sifuri. Nikaanza na idadi ya ng'ombe ya mwaka uliopita. Nikagawa ng'ombe sawasawa kila malisho. Siku mbili, jibu lilelile.

Siku ya tatu nikaacha kubadilisha namba za kuanzia, nikaanza kuondoa masharti, moja moja, nikilirudisha kila moja kabla ya kuondoa jingine. Nikaondoa la majani: hakuna suluhisho. Nikaondoa la kufungwa kwa bonde, na namba za kuanzia zikiwa zilezile za mwaka uliopita. Suluhisho likaja mara moja. Nikalirudisha, nikaondoa la maziwa. Likaja tena, lakini na ng'ombe wachache kiasi kwamba nilidhani nimekosea kuchapa. Sharti la maji sikuligusa. Chemchemi haiongezeki kwa kubonyeza kitufe.

Nikamwita mkuu. "Tatizo si namba za kuanzia, mzee. Masharti mawili yanapingana. Ukifunga bonde, chemchemi mbili haziwezi kunywesha ng'ombe wa kutosha kutoa maziwa hayo. Hakuna namba yoyote itakayoleta yote mawili."

Akavaa miwani, akasoma. Nilidhani ameelewa. Na kweli alikuwa ameelewa.

"Basi punguza la maziwa," akasema. "Weka nusu."

"Nusu ya nini? Hayo nimeyapima kikombe kwa kikombe!"

"Binti, bonde ni uamuzi wa wakubwa. Maziwa ni makadirio."

Hasira ilinipanda, na mpaka leo nikikumbuka inanipanda tena. Sharti lililoandikwa na mtu ambaye hajakanyaga bonde lile lilikuwa jiwe, na maziwa ya watoto niliowaona wakilamba kibuyu yalikuwa makadirio! Nikamwambia abonyeze mwenyewe. Akabonyeza. Kompyuta ikatoa suluhisho, na ripoti ikaandika kwamba mpango "unawezekana."

Niliandika karatasi moja kueleza jinsi suluhisho lilivyopatikana, nikaibana nyuma ya kila nakala ya ripoti. Nakala zilipotoka kwa mkuu, karatasi yangu haikuwemo.

Basi siku ya mkutano Nainokanoka, mkuu alipomaliza kusoma, nilisimama bila kuombwa. Nikasema kwa Kiswahili changu cha shule ya Mbulu kwamba mpango ule unafanya kazi tu iwapo watoto watakunywa nusu ya maziwa wanayokunywa sasa, au bonde libaki wazi, na kwamba mashine yenyewe ndiyo iliyotuambia hayo. Mkalimani akawatafsiria wazee yote kwa Kimaasai.

Yeyo akainuka. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mkuu.

"Nusu hiyo nyingine," akauliza, "umepanga anywe nani?"

Wanaume wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Mpango haukupitishwa siku ile. Mimi nilihamishiwa kitengo cha mbegu kabla ya mwezi kwisha, barua haikueleza sababu, na sikuiuliza. Kiangazi kile ng'ombe walishuka bondeni.