Rangi ya Kahawa

Mdogo wangu alipotangaza kwamba anaoa, kamati ya harusi iligawana kazi kabla chai haijapoa. Kaka mkubwa akachukua maturubai na viti, shangazi akachukua jikoni, na mimi, kwa kuwa nina mdomo na ninaishi Kayanga karibu na maduka ya vitambaa, nikapewa bwana harusi na wapambe wake. Nilifurahi kupita kiasi. Nimekaa kwenye harusi nyingi za watu nikiumia moyo: mpambe mmoja suti inang'aa kama imepakwa mafuta, mwingine koti la kuazima mikono inameza vidole, wa tatu soksi nyeupe, na bwana harusi mwenyewe humjui ni yupi mpaka padri amwite mbele. Nikasema moyoni, kwetu Kituntu haitatokea.

Wifi yangu mtarajiwa, binti wa Isingiro, hakuwa mtu wa kusumbua. Nilimpigia simu nikamuuliza angependa wanaume wavae rangi gani.

"Wifi, mimi nataka rangi ya kahawa tu," akajibu bila kufikiri. "Mengine amua wewe."

Nikamuuliza na shela lake, nyeupe au krimu? Krimu, akasema, rangi ya maziwa. Nikakata simu nikiwa na raha, maana hakuna kitu kinachonipendeza kama mtu kuniambia niamue mimi.

Kesho yake nikaenda na mdogo wangu kwenye duka la vitambaa nililolizoea. Mwenye duka ni mzee ambaye babu yake alitoka pwani, na mpaka leo huwezi kumkuta bila chupa yake ya kahawa chungu na vikombe vidogo. Sisi tunailima kahawa, tunaianika, tunaiuza, kisha tunakaa tunakunywa chai. Yeye hana hata mche mmoja, lakini anainywa kutwa nzima.

"Shikamoo mzee. Tunataka suti za harusi, rangi ya kahawa."

"Marahaba mwanangu. Kahawa ndiyo hii," akasema, akamimina kikombe, akateremsha jora la kitambaa cha kahawia na kulitandika mezani kando ya kikombe. Vilifanana mpaka mdogo wangu akacheka. Mimi nikalivuta jora mpaka barazani nikalitazama juani, kwa sababu taa za dukani hudanganya, na likabaki vilevile: kahawia iliyokolea, isiyong'aa, yenye uzito wa kutosha kwa baridi yetu ya asubuhi, na ukilikunja mkononi halibaki na makunyanzi. Nikamwambia mzee suti zote zitoke jora hilohilo moja. Majora mawili ya rangi moja huonekana mamoja dukani. Kanisani, watu wakisimama bega kwa bega, moja limepauka na jingine limekolea.

Mdogo wangu akataka yeye avae nyeusi ili atofautike. Nikamkatalia. Ukiwavalisha wote kitambaa kimoja, mwenye harusi anatofautishwa kwa vitu vidogo: yeye atavaa kizibao ndani ya koti, na tai yake na leso ya mfukoni vitakuwa krimu, vifuatane na shela. Wapambe tai zao zitakuwa kahawia nzito kuliko suti, basi. Mashati yote krimu. Shati jeupe la kung'aa ukilisimamisha kando ya shela la krimu, shela linaonekana kama halikufuliwa vizuri, na huo ni uonevu kwa bibi harusi. Viatu na mikanda, kahawia. Nilimweleza haya yote barabarani mpaka akaniomba nipumzike.

Fundi aliyeko barazani pa duka akachukua vipimo, akakata, akaunga. Kazi ilikwenda vizuri mno, na hilo lingepaswa kunitia wasiwasi.

Siku ya kujaribu suti nikawaita wapambe wote, na kila mmoja nikamwamuru aje na viatu na mkanda wake. Binamu yetu wa Bweranyange akaja na viatu vyeusi vyenye ncha ndefu ya kuchomea viazi. Nikaanza naye. Nilikuwa katikati ya kumsema, na wenzake wamejipanga barazani wamependeza kweli, bibi harusi akashuka kwenye bodaboda akiwa na mfuko. Alikuwa ametoka kwa fundi wao wa Kyerwa na alitaka kunionyesha nguo za wasichana watakaomsindikiza.

Akawatazama wanaume. Tabasamu likasimama.

"Wifi," akasema polepole, "hii ni rangi gani?"

"Ya kahawa."

Akafungua mfuko akatoa gauni moja. Lilikuwa la satini, jekundu, wekundu ule wa kahawa iliyoiva mtini, siku mbili tu kabla haijaanza kuwa nyeusi. Sote tukalitazama. Mwenye duka akatoka na kikombe chake mkononi, akatazama gauni, akatazama kikombe, akarudi ndani.

Nilikasirika, nisifiche. Nilimwambia kahawia imetoka kwenye neno kahawa, na kwamba hata kahawa tuliyoianika uani kwetu ni rangi ya suti hizi. Akaniambia kahawa ikishaanikwa imeshakuwa ya mwenye shamba. Sikumwelewa. Akaketi kwenye benchi la fundi, gauni mapajani, akanieleza.

Mama yake alitoka Burundi akiwa msichana, na tangu hapo amechuma kahawa ya watu. Mchumaji haijui kahawa iliyoanikwa wala ya kunywa. Anaijua nyekundu. Nyekundu ndiyo anayoitafuta kati ya majani, akichuma mbichi anafokewa, na jioni kikapu kikishajaa anakimwaga kwenye turubai la mwingine na kurudi nyumbani mikono mitupu.

"Nilimwahidi kwamba siku yangu ataikuta kanisani kahawa iliyoiva, pande zote mbili, kwetu na kwenu, na ni yake," akasema. "Ameshaniuliza mara ngapi kama kweli. Sasa upande mmoja utakuwa mwekundu na upande wa mume wangu hauna kitu."

Akafuta macho kwa kiganja. Niliumia kweli, maana kwetu kahawa ilikuwa yetu, tuliichuma tukiimba na kurushiana punje, na sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu anaigusa maisha yake yote na haendi nayo nyumbani.

Kushona suti nyekundu halikuwa jambo la kujadiliwa. Vitambaa vilishakatwa, na mdogo wangu akasema ataonekana mwanakwaya. Nikamwomba mwenye duka tai nyekundu. Akaleta alizokuwa nazo. Ndani zilifanana na gauni, nikaanza kufurahi. Tulipozitoa juani, moja ikawa damu ya mzee na nyingine ikaelekea pinki. Rangi inayokaribia kufanana ni mbaya kuliko isiyofanana kabisa, maana inaonekana umejaribu ukashindwa. Nikazirudisha.

"Satini ya magauni imebaki?" nikamuuliza wifi.

Ilikuwa imebaki kidogo. Akaileta kesho yake. Fundi akaigeuzageuza, akasema tai haitoki, kwa sababu tai inakatwa mshazari ili ilale sawa kifuani, na mshazari unakula kitambaa. Akijaribu kukata wima, tai itajisokota kama kamba ya ndama. Nikamwambia asihangaike na tai. Tai za wapambe zibaki kahawia. Tutengeneze leso za mfukoni, nyekundu, zitokane na kitambaa kilekile cha wasichana, ili rangi isiwe na mjadala.

Leso ya satini ina ubaya wake: inateleza. Unaikunja vizuri nyumbani, ukifika kanisani imezama mfukoni kama panya. Tukaishonea kila moja chini kipande cha kitambaa kigumu kile cha kuwekea kola, na juu tukaivimbisha iwe duara, si ile mikunjo ya pembe. Nilitaka ikae kama punje ya kahawa iliyoiva. Tuliposimamisha mpambe wa kwanza mlangoni, juani, wekundu mdogo juu ya kahawia ile isiyong'aa, hata fundi alirudi nyuma hatua moja akaitazama. Ile kahawia niliyokuwa nikiitetea ilikuwa imepata kazi: ilikuwa udongo na tawi. Wifi akapiga vigelegele peke yake barazani, wapita njia wakageuka.

Siku ya harusi niliwakagua wanaume wangu uani kwa shangazi kama mwalimu wa zamu. Vifungo vya chini vya makoti wazi. Soksi za kahawia. Binamu wa Bweranyange alikuwa amepata viatu sahihi, vimembana, akatembea kwa adabu siku nzima. Nikawaambia asiyegusa leso yake hadi picha zipigwe ndiye atakayekula kwanza.

Ibada ikaisha salama. Nje ya kanisa mpiga picha akawapanga: wasichana wekundu upande huu, wapambe upande ule, maharusi katikati. Nilisimama nyuma yake nikiwa na roho kwatu. Ndipo mama yake bibi harusi alipotoka kwenye kundi la wazazi, mwanamke mwembamba, kitenge kipya, mikono mirefu. Akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa wapambe. Akasimama mbele ya wa kwanza, akamtazama kifuani.

Akanyoosha vidole viwili akaichomoa ile leso. Haraka, bila kuvuta koti, kama mtu asiyehitaji kutazama. Akakunja pindo la kitenge chake likawa mfuko, akaitia humo. Akasogea kwa wa pili.

"Mama, picha!" mpiga picha akalia. Na mimi nikaruka. Kazi yangu yote, maduara yangu, vitambaa vyangu vigumu vya kola! Nilifika hatua chache kutoka kwake, nikiwa na neno mdomoni, nikaona anacheka huku machozi yanamtoka. Alikuwa akichuma. Wanawake wa kwao wakaelewa kabla yetu, wakaanza vigelegele, mmoja akampigia makofi ya mdundo kama shambani.

"Leo naenda nazo nyumbani," akasema alipofika mwisho wa mstari, akapiga pindo la kitenge kwa kiganja. "Nani atasema si zangu?"

"Hakuna, mama," nikasema mimi.

Ikabaki moja. Mdogo wangu, ambaye hajui kukaa bila utani, akasogea akamtolea kifua, leso yake ya krimu ikiwa imesimama. Mama mkwe wake akaigusa kwa ncha ya kidole, akaiacha.

"Hii bado ua," akasema. "Iache izae."

Picha kubwa iko ukutani sebuleni kwa maharusi. Wapambe wana mifuko mitupu, na mama ameketi katikati ameshika pindo lake kwa mikono miwili. Wageni wakiitazama huniuliza, mimi ninayejifanya najua mavazi, ilikuwaje nikasahau leso. Nawajibu kwamba ziliiva, zikachumwa.