Milimita na Gurudumu la Lenzi

Chuoni kwetu fundi wa mitambo tulimwita Milimita, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kabla hujaingia chumba cha mazoezi alikusimamisha mlangoni, akakuwekea rula chini ya nyusi, akapima umbali kati ya mboni na mboni, kisha akatangaza kwa sauti kama anayeuza kitambaa: "Sitini na tatu!" Wanafunzi walicheka. Mimi, karani wa usajili, meza yangu ilitazamana na mlango huo kwa miaka sita, na nilimheshimu. Ndiyo maana leo namsema bila kumbakiza.

Tunafundisha madereva wa kreni. Kreni yenyewe haipo. Kuna kiti, vijiti viwili vya kuongozea, kompyuta, na kofia ya uhalisia pepe. Ukiivaa unajikuta juu ya mnara, mzigo unaning'inia mbele yako na watu wako chini kama punje za mchele. Chini ya kofia pana kigurudumu cha kusogeza lenzi. Zisipokaa sawa na mboni zako, picha inakuwa na ukungu na macho yanauma. Ndani ya kompyuta kuna kiwango cha pikseli, vile vidoti vinavyounda picha. Ukikiweka chini, nyaya nyembamba za kreni zinametameta na kukatikakatika. Ukikipandisha zinatulia, ila kompyuta nayo ina mwisho wa nguvu zake. Inatakiwa ichore picha tisini kwa sekunde. Ikielemewa inachora arobaini na tano, na zile za katikati inazikisia tu, kwa hiyo kitu kinachotembea unakiona viwili viwili.

Milimita alikuwa ameshapata dawa yake. Pikseli alizipandisha kidogo, vivuli vya majengo akavipunguza ili kompyuta ipumue, na lenzi akamwekea kila mtu za kwake.

Kati ya wanafunzi wale alikuwepo dada yake. Huyu dada ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, yeye akiwa na miaka kumi na mitano na Milimita saba. Alibeba ndoo za zege kwenye majengo ya watu mpaka mdogo wake akamaliza chuo. Sasa mgongo ulikuwa umekwisha. Msimamizi wake wa ujenzi alimwahidi kiti cha kreni endapo atapata cheti, la sivyo arudi kwenye ndoo. Mtihani unafanywa mara tatu, basi. Mara mbili za kwanza aliangushwa na woga, na hilo halina wa kulaumiwa. Kwenye mazoezi ya wiki ya mwisho alikuwa akishusha mzigo taratibu kama anayelaza mtoto. Hamsini na nane, ndiyo iliyokuwa namba yake.

Siku ya mtihani wa tatu mkurugenzi akaja na wageni. Walitaka kununua mitambo kama yetu, nao wangetazama kwenye skrini ya ukutani. Saa mbili na nusu mkurugenzi alivaa kofia, akazungusha gurudumu mpaka sabini, maana ana uso mpana kama sinia, akakunja uso.

"Mbona nyaya zinachezacheza? Na vivuli vimeenda wapi? Majengo yamekuwa kama maboksi ya viatu."

"Mzee, nyaya naweza kuzituliza zaidi," alisema Milimita. "Lakini nikipandisha pikseli na kurudisha vivuli kwa pamoja, kompyuta itaelemewa. Mzigo ukitembea utaonekana miwili."

"Weka, nione."

Akaweka. Mkurugenzi akakaa kwenye kiti, hakugusa kijiti hata kimoja, kreni imesimama tuli. Kitu kilichosimama hakiwezi kuonekana viwili. Nyaya zilikuwa kali kama zimechorwa kwa kalamu.

"Unaona? Fundi unapenda kunitisha. Iache hivyohivyo mpaka wageni waondoke. Na hilo gurudumu asiliguse mtu, ni la macho yangu. Nitavaa tena kila baada ya mtahiniwa."

Dada aliingia saa tatu kamili. Milimita hakutoa rula. Nilimwona. Alimvika kofia, kidole gumba kikapita juu ya gurudumu, kikasimama hapo. Sekunde moja tu ingetosha, na hata kwa wageni angeweza kusema anafunga mkanda. Mkurugenzi alikuwa nyuma yake, mikono kifuani. Kidole kikaondoka.

"Mdogo wangu," alisema dada, "naona ukungu."

"Utazoea."

Akainua mzigo. Kwenye skrini ya ukutani, bila lenzi, wageni waliona picha maridadi, wakanong'onezana kwa kuridhika. Dada alianza kusogeza mzigo kulia, na kichwa chake kikawa kinarudi nyuma kama mtu anayekwepa nzi.

"Kulabu ziko mbili. Mdogo wangu, niifuate ipi?"

Nilikuwa na fomu mkononi na nilisikia vizuri alichojibiwa. "Kaza macho, Dada. Mashine iko sawa."

Mtoto aliyemlea mwenyewe ndiye amemwambia hivyo. Basi alikaza macho. Akaifuata kulabu isiyokuwepo, akashusha tani mbili za nondo juu ya mpiga ishara, yule mtu wa kuchora mwenye kizibao cha njano. Skrini ikawa nyekundu. Mgeni mmoja alicheka. Mkurugenzi akasema, "Ndiyo faida ya mitambo hii, huku haumii mtu."

Kompyuta huandika kila kitu. Mchana Milimita alikuja mezani kwangu kuchapa kumbukumbu ya mtihani, na mstari ulikuwa hapo, hauhitaji elimu: arobaini na tano, arobaini na tano, tangu mwanzo hadi mwisho. Rufaa hupokelewa siku hiyohiyo hadi saa kumi, ikiambatanishwa na karatasi kama ile.

"Ipeleke," nilimwambia. "Ni dadako."

"Dada atasema nilijua."

"Si ulijua?"

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Saa tisa mkurugenzi alileta fomu ya kuthibitisha kwamba mtambo ulikuwa katika hali nzuri. Milimita akatia sahihi. Mimi nikagonga muhuri. Sina pa kujificha. "Mwenye nguvu mpishe," ndivyo nilivyojiambia, na tangu siku hiyo usemi huo unanichefua.

Mwezi mmoja haukupita, dada akaja kumwona kazini. Mikono ilikuwa na zege kavu kwenye kucha, na aliketi kwenye benchi langu kwa awamu, kwanza mkono, halafu kiuno. Usoni alikuwa na miwani ya bei ndogo, fremu za kahawia.

"Nilienda kupima," aliniambia huku akimsubiri. "Yule daktari wa macho ananiambia macho yangu hayana tatizo lolote. Nikamwambia, mama, wewe hujui. Mdogo wangu ndiye fundi wa macho, aliniambia mashine iko sawa. Kama mashine iko sawa, basi mbovu ni mimi. Nikanunua hii pale sokoni."

"Unaona vizuri nayo?"

"Kichwa kinaniuma kidogo. Nitazoea."

Milimita alitoka. Alisimama mbele yake, rula ikiwa kwenye mfuko wa shati kama kawaida. Dada alimwinulia uso, anatabasamu, kama mtoto anayeonyesha daftari.

"Hebu niangalie wewe unayejua. Imekaa sawa?"

Nilisubiri aseme. Namwapia Mungu nilisubiri, na yeye alijua kwamba nasubiri, kwa sababu alinitazama mara moja. Kisha akainama, akaishika ile miwani kwa vidole viwili, akaisogeza kidogo sana juu ya pua ya dada yake, milimita moja au mbili.

"Sasa imekaa sawa, Dada," alisema.

"Ahsante, mdogo wangu."

Akainuka kwa awamu vilevile, akaenda kubeba ndoo.