Sahihisho la Kibanda cha Kijani

Kabla mama wa kibanda cha kijani hajaja ofisini, nilikuwa najidai nakijua Kiswahili. Kwenye redio yetu ndogo hapa Mpanda mimi ndiye naandika habari, na mwenzangu akikwama kwenye sentensi huniletea mimi. Nyumbani tulianza na Kikonongo, Kiswahili tukakikuta shuleni, na labda ndiyo maana nakilinda kama mtu anavyolinda shamba la kununua.

Kosa langu lilikuwa neno moja: vyote. Kwenye barabara ya stesheni kulikuwa na vibanda vitano vya chakula vilivyopangana. Bwana afya alipita asubuhi kukagua, mimi nikapita mchana, nikakuta milango mitano imefungwa. Nikaandika: "Vibanda vyote vya chakula kando ya barabara ya stesheni vimefungwa kwa uchafu." Ilisomwa mara tatu siku ile. Sikumwuliza bwana afya amefunga vingapi. Alikuwa amefunga vinne. Cha tano, kile cha kijani, mwenyewe alikifunga siku moja kabla, akaenda Kibaoni kumzika mama yake.

Aliporudi, wale wanne walikuwa wameshasafisha, wamekaguliwa tena, na kila mmoja amebandika mlangoni karatasi ya bwana afya ya kuruhusiwa kufungua. Yeye hakuwa nayo. Alimfuata bwana afya, akaambiwa hawezi kumfungulia mtu ambaye hakumfungia. Ikawa wateja wanasoma karatasi nne, wanafika kwake, wanaona mbao tupu, wanapita. Siku nne alipika wali na maharage, na siku nne jioni akawamwagia bata wa jirani.

Siku ya tano alikuja kwetu. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, kanga imefungwa vizuri, begi mapajani.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika vyote?"

Nilisema ndiyo. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa moto.

"Basi andika tena. Ila kabla hamjasoma, nisikie kwanza."

Sijawahi kusomewa kazi yangu na mkaguzi wa aina ile. Hakushika kalamu wala hakutazama karatasi. Alifumba macho na kuniambia nisome kwa sauti ya redioni, maana wateja wake, alisema, wanasikiliza huku wanajaza upepo tairi la pikipiki.

Nilisoma ya kwanza: "Kibanda cha kijani hakikufungwa na bwana afya, lakini siku hiyo kilikuwa kimefungwa."

Alifungua macho. "Hiyo lakini ya nini?"

Nikamweleza kwamba ni kweli hakikufungwa na bwana afya, na ni kweli pia kilikuwa kimefungwa.

"Sasa mtu akisikia lakini, si anasubiri ubaya? Mchumba akikwambia nakupenda lakini, utabaki unasikiliza ile nakupenda?"

Nilicheka, kisha nikaona ana haki. Hiyo lakini haifuti kitu. Inaacha pande zote mbili zimesimama, na sikio huegemea ile iliyokuja mwisho. Nilikuwa nimelitumia neno hilo maelfu ya mara, na sikuwahi kujiuliza msikilizaji anaondoka na upande upi.

Nikajiona nimepata dawa. Bali. Neno hilo hutanguliwa na kanusho: hukataa hiki na kuweka kile mahali pake, na cha kwanza hakibaki. Nikaandika: "Kibanda cha kijani hakikufungwa kwa uchafu, bali kwa msiba." Nilisoma kwa majivuno kidogo.

Safari hii hakufungua macho.

"Hiyo imenyooka," alisema. "Inakata. Ila umeniweka na uchafu pamoja tena. Yule wa tairi akisikia nusu, anasikia kijani, anasikia uchafu. Halafu msiba wangu umeufanya sabuni ya kunisafishia. Mama yangu hajamaliza hata wiki mbili."

Kisarufi bali yangu haikuwa na kosa hata chembe. Ilikuwa inahitaji kitu cha kukataa ili isimame, na kitu hicho ndicho ambacho yeye hakutaka kitajwe tena hewani.

Nikamwambia, basi tutumie ila, hiyo ni nyepesi. Haigombani na sentensi nzima, inachomoa kimoja tu kwenye kundi. "Vibanda vyote vilifungwa ila cha kijani." Ni neno ambalo lingenisaidia tangu siku ya kwanza, kama ningehesabu.

Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. "Nyie mnataka nikaishi wapi? Wale wanne ndio majirani zangu. Ndoo ya maji tunashirikiana. Mmoja wao ndiye aliyebaki na ufunguo wangu nilipokwenda kuzika. Ukinichomoa mimi peke yangu, wao umewaacha humo."

Hapo ndipo mhariri wetu aliingia. Ni mzee mwenye sauti nzito, anayependa Kiswahili cha taarifa za zamani. Alisoma karatasi yangu, akachukua kalamu, akaongeza chini: "Walakini, ifahamike kuwa ukaguzi ulifanyika kama tulivyoripoti." Akanirudishia.

Nilimsomea mama. Aliuliza, kwa upole kabisa, "Hiyo walakini ni ya nani?"

Mhariri alisema, "Ya redio, mama. Ni utaratibu."

"Nilifikiri mnaniomba radhi mimi. Kumbe mnajitetea."

Mhariri alivua miwani, akaifuta kwa shati. Walakini ni lakini iliyovaa koti. Inasimama mwanzoni mwa sentensi, inanyamazisha yote yaliyotangulia, kisha inasema la kwake. Baada ya kuomba radhi, haiachi radhi yoyote. Nilimwona mhariri mwenyewe analisikia hilo, pengine kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ya kazi. Alilikata lile neno na mstari wote uliofuata, akatoka bila kuaga.

Tukabaki wawili na karatasi iliyochafuka kwa mistari. Nikamwuliza mama anataka wasikie nini hasa. Akasema, "Kwamba nipo, nimefungua, na nyie mlikosea."

Niliandika hivyohivyo. "Mama wa kibanda cha kijani, barabara ya stesheni, amefungua. Bwana afya hakuwahi kukifunga kibanda chake. Tulitangaza bila kuhakikisha. Tulikosea. Tunamwomba radhi." Sentensi fupi, na hakuna neno hata moja la kuziunganisha. Mwenzangu angeniletea hivyo ningemrudishia. Alifumba macho, akasikiliza, akaniambia nisome tena, kisha akanyanyuka na begi lake.

Ilisomwa mara tatu, sawa na ile ya kwanza.

Nilikwenda kula kwake baada ya siku mbili. Sitasema palijaa. Kulikuwa na bodaboda watatu na mama mmoja aliyetoka Mwamkulu na mzigo wa mchicha. Mwenye kibanda alinipakulia wali na maharage, akaweka ndizi juu bila kuulizwa. Nikaona niseme, nikasema. Nilimwomba anisamehe, mimi mwenyewe, siyo redio.

Alifunika sufuria kwanza.

"Nimekusamehe yote, mwanangu," alisema, "ila zile siku nne."