Karo la Kalpana

Kalpana aliachiwa nyumba ya wageni na marehemu mumewe, pale Sakina, nje kidogo ya mji, kando ya barabara ya Nairobi, enzi za Mwingereza. Marehemu aliijenga ikiwa na vyumba vichache na choo cha kuvuta maji, jambo la fahari siku hizo. Nyuma alichimba karo la zege la kupokea maji ya chooni na bafuni, na mbele ya karo shimo la mawe la kunyonya maji. Baadaye vyumba viliongezeka, wageni wakajaa, lakini karo lilibaki lile lile. Hakuna aliyewahi kulifunua.

Masika ya mwaka mmoja ndipo mabomba yalipoanza kukoroma. Mgeni akivuta maji chooni, tundu la bafuni linaguna kama mtu aliyebanwa na kikohozi. Maji ya kuoga yakawa yanasimama kifundoni, yanashuka kwa kusitasita. Kisha ikaja harufu. Kalpana alimwaga finaili chupa kwa chupa, akachoma ubani, akamlaumu mpishi wake Sifael kwamba anamwaga mafuta kwenye sinki. Sifael aliapa kuwa mafuta yote anayamwaga kwenye majivu. Kalpana hakutulia. Alikuwa akiinuka katikati ya chakula kwenda kunusa korido, akirudi anakuta chapati imepoa, anainuka tena.

Asubuhi moja mfanyabiashara wa kahawa, mgeni wa miaka mingi, alifunga mzigo wake akahamia mjini. Kalpana akamwita Nathanaeli, fundi wa mabomba.

Nathanaeli aliuliza kwanza kama ni tundu moja linaloziba au yote. Aliposikia ni yote, aliacha waya wake wa kuzibulia begani akaenda nyuma ya nyumba. Juu ya shimo la mawe majani yalikuwa ya kijani kibichi, marefu kuliko kwingine, na ardhi ilibonyea chini ya kiatu. Wakafunua karo, wakakaa kando upepo uitoe hewa mbaya. Fundi akatumbukiza mti mrefu: juu utando mzito, chini tope limepanda karibu na bomba la kutokea.

“Limejaa, mama,” alisema. “Tope halina tena pa kutulia, linatoka na maji na kuziba shimo la mawe. Maji hayanywewi na ardhi, yanarudi nyumbani. Na hii finaili unayomwaga inaua vile vijidudu vinavyokula uchafu.”

Lakini Kalpana alikuwa ameacha kumsikiliza. Alikuwa akifuata kwa macho unyevu wa shimo la mawe ulivyoteremka kwenye nyasi, mweusi, ukiingia kwenye mfereji uliopita chini ya kiwanja. Chini kidogo, Namnyaki, mkwe wa Bibi Nanyori wa boma la Kimasai la jirani, alikuwa ameinama anachota maji.

Siku zile watu wa boma la Nanyori walikuwa wakiharisha, na yeye mwenyewe alikuwa amewapelekea uji. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Alizunguka uani, akaingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Kisha akajitanda mtandio na kuteremka bomani.

“Takwenya, yeyo,” alimsalimu Nanyori kwa Kimaa, akimwita mama.

“Iko,” Nanyori aliitikia, akitazama viatu vya Kalpana vyenye matope.

“Yeyo, msichote tena hapo chini. Choo changu kimejaa, maji yake yanaingia mfereji. Labda ndiyo yaliyowaumiza.”

Nanyori alimwita Namnyaki kwa Kimaa, akamwamuru amwage mtungi. Ndipo akamgeukia jirani yake.

“Mpaka utakapomaliza, maji utatuletea wewe.”

Kalpana alikubali. Siku hiyo hiyo aliwatoa wageni wote na kufunga mlango. Sifael na yeye walibeba maji kutoka sehemu ya juu ya mfereji, kabla haujapita kiwanja chake, hadi bomani, safari baada ya safari.

Nathanaeli na vibarua walitoa tope kwa ndoo za kamba. Kibarua mmoja alipotaka kushuka ndani amalizie haraka, fundi alimshika mkono akamkatalia: hewa ya karo huangusha mtu kabla hajaita. Tope lilifukiwa kwenye mahandaki, mbali na mfereji. Lakini karo lilipoachwa tupu, maji yalianza kurudi ndani kutoka shimo la mawe. Fundi akatikisa kichwa. Shimo lile lilikuwa limekufa. Ikabidi kuchimba jipya upande wa pili wa kiwanja, mbali na mfereji, penye udongo wa changarawe, na la zamani likafukiwa.

Watu wa boma walipona. Nanyori hakusema kama alikuwa amesamehe. Ila wageni waliporudi na Kalpana akahitaji maziwa kila asubuhi, ni Namnyaki aliyekuwa akiyaleta, na alikuwa akipita mlango wa mbele, si wa jikoni kama wachuuzi.